Uyoga Ulioujua kwa Picha Usiutie Chunguni
Kijitabu cha elimu ya afya kwa aila za Kaunti ya Kilifi

SABABU YA KIJITABU HIKI

Kila masika yanapoanguka katika pwani yetu, baina ya Aprili na Juni, na tena vuli inapopita kuanzia Oktoba, ardhi ya Kilifi, kutoka Mtwapa hadi Magarini na kutoka ufukoni hadi Ganze na Bamba, huchipua uyoga kwa usiku mmoja, na asubuhi yake watu hutoka na vikapu, kwa kuwa uyoga ni kitoweo kisichonunuliwa wala kuvuliwa, na ukiungwa kwa nazi ukaliwa kwa sima hauna mpinzani. Hapana lawama katika jambo hilo kwa mtu aujuaye uyoga anaouokota, aliyefunzwa na mamaye au bibi yake, akiushika mkononi, mahali pale pale palipouotesha.

Lakini imezuka ada nyingine, nayo ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Mtu aona uyoga nyuma ya nyumba, aupiga picha kwa simu, aipeleka katika kundi la WhatsApp la ukoo. Binamu aliye Nairobi, au mjomba aliye Maskati ambaye hajaikanyaga Gede kwa miaka mingi, ajibu kwa nia njema kabisa, "Huo ni mzuri, tulikuwa tukiula tangu utotoni". Na kabla ya adhuhuri uyoga umo chunguni. Au kinyume chake: mtu aona picha ya uyoga wa kuliwa katika kitabu au katika simu, atoka kwenda kutafuta ulio mfano wake, na kwa kuwa mwenye kutafuta kufanana hakosi kukuona, arudi na kikapu kimejaa. Mimi nimechoka kuwaona watu wazima na watoto wao wakiletwa hospitali wamelegea, kwa maradhi ambayo kinga yake haikuwa chanjo wala dawa, bali ilikuwa kukiacha kitu kilipoota.

AMRI

Uyoga ulioujua kwa picha usiutie chunguni.

YASIYOONEKANA KATIKA PICHA

Uyoga una sehemu nne ambazo mjuzi huzitazama kabla ya kusema neno, nazo ni kofia yake ya juu, matamvua yaliyo chini ya kofia, mguu, na kile kitako cha mguu ambacho aghalabu kimezikwa udongoni. Picha ya simu, ambayo mtu huipiga akiwa amesimama na kuinama kidogo, huonyesha kofia, na pengine kipande cha mguu. Sehemu zile nyingine, ambazo ndizo zenye ushahidi, hubaki gizani.

Tutazame kitako peke yake. Katika ukoo wa uyoga ambao wataalamu wa dunia nzima huuita Amanita, ambao ndani yake mna aina zinazoua kuliko uyoga mwingine wowote, mguu wa aina hizo huchomoza kutoka katika mfuko mwembamba mweupe ulio chini ya udongo, na mtu akiung'oa uyoga kwa kuuvuta, mfuko ule hukatika ukabaki ardhini, yeye akarudi nyumbani na uyoga msafi usio na alama yoyote ya kumtia shaka. Aliyeung'oa hakuuona mfuko, na aliyetumiwa picha huko aliko atauona wapi?

Kisha kuna unga. Kila uyoga uliokomaa hudondosha unga laini kutoka katika matamvua yake, na rangi ya unga huo, ambayo yaweza kuwa nyeupe, ya waridi, ya hudhurungi au ya kijani, humwambia mtaalamu mambo ambayo rangi ya kofia haiwezi kumwambia kamwe, maana kofia hubadilika kwa jua, kwa mvua na kwa umri. Ili kuipata rangi hiyo yeye hukata mguu, huilaza kofia juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, huifunika kwa bakuli, akaiacha usiku kucha. Nayaeleza haya ili msomaji ajue kwamba kazi ya mtaalamu ni ya usiku mzima, na kwamba yule anayejibu kwa dakika mbili kwa kutazama kioo cha simu hakufanya kazi hiyo. Sikuyaeleza ili kila nyumba ianze kulaza kofia juu ya karatasi kisha ijipe ruhusa ya kula, kwa sababu rangi ya unga ni shahidi mmoja tu miongoni mwa mashahidi wengi.

Tena liko jambo ambalo watu hawalifikirii hata kidogo: picha ni ya uyoga mmoja, na kikapu kina thelathini. Hata kama yule mmoja aliyepigwa picha ni halali kama maziwa, waliosalia hawakutazamwa na mtu, nao huota wakiwa wamechanganyika, mwema na muuaji chini ya mti mmoja. Na chungu hakibagui.

Uyoga ulioujua kwa picha usiutie chunguni.

UYOGA WA KICHUGUU NA NDUGU YAKE WA UONGO

Katika pwani yetu kosa hili lina sura moja ambayo hujirudia kuliko nyingine, kwa hiyo nitaikalia.

Uyoga wa kichuguu ndio ambao wazee wetu waliuenzi, na haki yao. Huota juu ya vichuguu au kando yake baada ya mvua, kwa kuwa chakula chake kimo katika viota vya mchwa, na ukichimba taratibu utaona kwamba mguu wake hauishii juu ya ardhi bali huteremka kwa mzizi mrefu hadi ndani ya kiota; aghalabu katikati ya kofia yake pana chuchu ngumu ambayo ndiyo iliyotoboa udongo, na unga wake ni wa rangi ya waridi iliyofifia.

Sasa upo uyoga mwingine, mkubwa, mweupe, wenye magamba ya hudhurungi juu ya kofia, ambao huota katika majani yaliyokatwa ya bustani, ya viwanja vya mpira na ya nyua za hoteli, wakati mwingine kwa kuzunguka kama duara. Kofia yake yaweza kufikia sentimita ishirini na zaidi, na mguu wake una pete. Wataalamu huuita Chlorophyllum molybdites, na katika nchi za joto ndio ambao huwadhuru watu mara kwa mara kupita wote. Alama yake kubwa ni kwamba matamvua yake hugeuka kijani cha kijivu, na unga wake ni wa kijani. Lakini, na hapa ndipo mitego ilipo, ungali mchanga matamvua yake ni meupe safi, na unga haujadondoka. Mtu anayeupiga picha asubuhi ya kwanza, ambayo ndiyo asubuhi watu hupenda kuuchuma kwa kuwa ungali laini, hupiga picha ya uyoga mweupe, mnene, mzuri. Na yule mjomba wa Maskati huona uyoga mweupe, mnene, mzuri, akakumbuka kichuguu cha utotoni.

Tuseme mama mmoja aupika huo saa sita mchana. Baina ya saa saba na saa tisa tumbo litamsokota, atatapika mfululizo, na kuhara kutafuata, pengine kwa damu. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huokoka baada ya mateso ya siku moja au zaidi. Mtoto mdogo hukaukiwa na maji upesi mno, na huyo ndiye wa kumhofia. Nasema haya na moyo wangu hautulii, kwa sababu msomaji aweza kuyachukua kuwa ni habari njema, akasema, "Kumbe sumu yake ni tumbo tu." Huo ndio uyoga mbaya ulio mpole. Mwingine si mpole.

MPISHI WA CANBERRA

Mnamo 31 Desemba 2011, katika mji wa Canberra ulioko Australia, mpishi mmoja mwenye asili ya China, mtu ambaye kazi yake ilikuwa chakula, alipika uyoga uliookotwa mjini humo kwa ajili ya chakula cha mkesha wa Mwaka Mpya pamoja na wenzake. Uyoga ule ulikuwa Amanita phalloides, ambao Waingereza wameupa jina la kofia ya mauti. Unapokuwa mchanga hufanana mno na uyoga wa mabua, ambao Wachina huula kila siku, na ambao hapa Afrika ya Mashariki majirani zetu wa Tanzania wameuotesha juu ya makapi ya mkonge, yale yale ambayo huonekana katika mashamba ya mkonge ya Vipingo. Aina zote mbili hutoka katika mfuko. Aina zote mbili zikiwa changa huwa na umbo la yai. Mpishi na mwenzake mmoja walifariki katika siku za mwanzo za Januari 2012.

Nataka msomaji aipime habari hii polepole. Mtu yule hakutazama picha. Aliushika uyoga wenyewe, akaupika kwa mikono yake. Alikuwa na macho ya mpishi na maarifa ya nchi aliyozaliwa. Kilichomhadaa ni kwamba maarifa ya ardhi moja aliyahamishia katika ardhi nyingine. Ikiwa mkono uliozoea ulihadaika, basi mtu aliyetazama picha iliyopigwa na mwingine, katika ardhi asiyoiona, ana hoja gani?

Watu wa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke wasije wakasema kwamba hayo ni ya Australia. Sehemu moja ya msitu ule ni ya miti ya mrihi, na misitu ya miti ya namna hiyo, hapa na kwingineko Afrika, ndiyo makazi ya uyoga wa ukoo wa Amanita. Baadhi yao huliwa Zambia na Tanzania na watu waliofunzwa kuwabainisha. Baadhi. Kwa picha hutambui yupi ni yupi.

Uyoga ulioujua kwa picha usiutie chunguni.

MAJARIBIO YA JIKONI AMBAYO HAYANA MAANA

Wapo wanaosema kwamba uyoga wenye sumu hugeuza kijiko cha fedha kuwa cheusi, au hugeuza rangi ya kitunguu, au ya wali uliopikwa nao. Si kweli. Wapo wanaosema kwamba ukiwa umeliwa na konokono, na funza, na tumbili, basi na mwanadamu aweza kuula. Si kweli, maana ini la konokono si lako. Wapo wanaosema ngozi ya kofia ikimenyeka kwa urahisi ni salama. Kofia ya mauti humenyeka vizuri sana. Wapo wanaosema kuwa weupe ni dalili ya usafi, na kwamba sumu huwa na rangi nyekundu. Miongoni mwa uyoga wauaji wapo weupe pepe. Wapo wanaousugua kwa chumvi, wanaoulowesha kwa siki na ndimu, wanaouchemsha wakamwaga maji mara tatu, wanaouanika juani mpaka ukakauka kama ngozi. Sumu ya wauaji wa ukoo wa Amanita haiharibiki kwa moto, wala kwa jua, wala kwa barafu, wala kwa tui. Wapo wanaoonja kidogo kwanza wakangoja saa moja. Sumu hii haisemi neno kwa saa sita, na mara nyingi hungoja kumi na mbili. Wapo wanaosema walisikia ladha yake ni nzuri. Wagonjwa wengi walioponea chupuchupu hueleza hivyo hivyo, kwamba ulikuwa mtamu.

MTAALAMU NI NANI

Mtaalamu ni mtu aliyesomea uyoga, ambaye huutaka uyoga mzima mezani pake. Wako katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, ambako kuna hifadhi kubwa ya mimea na uyoga wa Afrika ya Mashariki. Kwa aliye mbali na huko, aanze kwa walimu wa elimu ya viumbe wa Chuo Kikuu cha Pwani hapa Kilifi, au watu wa kituo cha utafiti wa misitu kilichoko Gede, awaulize nani awezaye kuuthibitisha.

Utamjua mtaalamu wa kweli kwa tabia moja: ukimpelekea picha na kumwuliza, "Niule?", atakataa. Kwa picha aweza kukuambia, "Huo usiule," lakini hatakuambia, "Huo ule." Picha yaweza kuharamisha, kuhalalisha haiwezi. Na yeyote anayekuhalalishia kwa picha, awe na elimu kiasi gani na awe na mapenzi nawe kiasi gani, siku hiyo amejivua utaalamu.

Mama mzee wa kijijini, ambaye amechuma uyoga wa kichuguu kwa umri wake wote, namheshimu, nami simwondolei elimu yake. Elimu hiyo ni ya uyoga ule mmoja, kwa kichuguu anachokijua, ukiwa mkononi mwake na mzizi wake. Nje ya hapo naye asiulizwe, na kwa picha asiulizwe kabisa. Wajukuu wanaomwekea simu mbele ya macho yake na kumharakisha wanamtwisha dhamana isiyo yake.

Ukitaka kuupeleka uyoga kwa mtaalamu, usiung'oe. Uchimbe kwa kisu au jembe dogo, pamoja na udongo wa chini, ili kitako kisikatike. Chukua kadhaa, mchanga na mkubwa, na kila mmoja uufunge peke yake kwa karatasi ya gazeti au kwa jani la mgomba, si katika nailoni, ambayo huufanya utoke jasho ukaoza, na ambayo juu ya hayo mifuko yake imekatazwa nchini tangu 2017. Andika ulipouokota na mti uliokuwa karibu. Hapa picha ina kazi: piga ya juu, ya chini ya kofia, ya ubavuni na ya kitako, uziambatanishe na uyoga wenyewe. Kama mtaalamu hapatikani, utupe shimoni, na jibu lako limekwisha kupatikana.

WATOTO

Mtoto asitumwe kuchuma uyoga.

MTU AMEKWISHA KULA

Asingoje dalili. Wote waliokula katika chungu kile, anayetapika na asiyetapika, waende hospitali pamoja siku ile ile, iwe ni Hospitali ya Kaunti pale Kilifi, au ya Malindi, au kituo kilicho karibu zaidi ambacho kitawapeleka mbele. Mtu asimpe mgonjwa mafuta ya taa, wala sabuni, wala maji ya chumvi ya kumtapisha. Mambo haya humdhuru mara ya pili. Akiwa ana fahamu na aweza kumeza, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kwa vijiko, kidogo kidogo, njiani. Asipewe vidonge vya kufunga kuhara bila ya amri ya daktari.

Tutazame sasa mwendo wa sumu ile kubwa, kwa kuwa wengi hufa kwa kutoujua. Mtu hula uyoga saa mbili usiku, hulala vizuri, na huamka alfajiri akiwa na maumivu makali ya tumbo, matapishi, na kuhara kama maji. Hali hiyo hudumu siku nzima. Siku ya pili au ya tatu hupata nafuu: tumbo hutulia, aweza kuketi barazani na kunywa uji, na jamaa husema, "Alhamdulillahi, imepita." Haikupita. Katika muda huo huo wa nafuu ini linakufa, na baina ya siku ya tatu na ya tano macho huwa manjano, damu hutoka ovyo, akili huvurugika. Mgonjwa aliyepata nafuu akaombewa ruhusa ya kurudi nyumbani ndiye anayenitia hofu kuliko anayelia.

Mwishoni mwa Agosti 2021, aila moja ya Waafghani waliohamishwa kwa ndege kutoka nchi yao, wakapokewa katika kambi iliyoko karibu na Warsaw, Poland, waliokota uyoga katika msitu wa jirani wakapika supu. Ulikuwa ule ule, kofia ya mauti. Watoto wawili ndugu, wa miaka mitano na sita, walifariki mwanzo wa Septemba, na mmoja wao alikuwa amewekewa ini jingine katika hospitali kubwa ya watoto. Hapa kwetu ini la kubadilisha halipatikani kwa saa wala kwa siku. Yule mtoto alilipata, na halikumfaa.

Uyoga ulioujua kwa picha usiutie chunguni. Na kama umekwisha kuutia, na watu wamekwisha kula, usimwage mabaki kwa aibu. Yatie katika kopo lenye kifuniko, pamoja na maganda na vipande mlivyotupa jalalani, na kama yapo, matapishi katika kopo jingine. Itunze na ile picha iliyopigwa, kwa kuwa sasa imekuwa na faida. Mwambie muuguzi mlangoni mambo manne kwa mfuatano huu: mlikula saa ngapi, dalili ya kwanza ilianza saa ngapi na kwa nani, ni watu wangapi walikula, na uyoga uliokotwa wapi. Saa ya dalili ya kwanza ndiyo ya kukumbukwa zaidi. Ikiwa ilikuja baada ya saa sita au zaidi tangu kula, liseme hilo mwanzo, kwa sauti, na ulirudie kwa kila daktari atakayeingia zamu. Na ikiwa ilikuja mapema, usiseme kuwa mmeokoka, kwa maana ndani ya chungu kimoja huenda ulikuwemo uyoga wa tumbo na uyoga wa ini pamoja, na huu wa pili bado haujaanza.